Kosa Linalosahihishwa Bila Kuuliza

Januari 1986, chombo cha anga Voyager 2 kilipita karibu na sayari ya Uranus na kutuma picha zake. Mawimbi ya redio yalihitaji takriban saa 2 na dakika 45 kufika duniani. Kipande cha picha kikiharibika njiani, kukiomba tena na kukipata kungechukua zaidi ya saa 5, na muda wote huo chombo kina picha nyingine za kutuma.

Ndiyo maana data ilisafiri na dawa yake. Wahandisi walitumia mbinu iliyobuniwa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon: kila baiti 223 za data huongezewa baiti 32 zilizokokotolewa kutokana nazo. Katika fungu hilo la baiti 255, hata 16 zikiharibika, popote zilipo, kompyuta ya duniani huzirudisha zilivyokuwa. Zikizidi hapo, fungu zima limepotea. Mbinu ya awali ya Voyager, ile ya Golay, ilidai biti moja ya ulinzi kwa kila biti ya data, gharama kubwa mno kwa redio dhaifu iliyo mbali kiasi hicho.

Tatizo hilohilo limo kwenye simu za mtandaoni. Sauti hukatwa vipande, mara nyingi vya milisekunde 20, na kila kipande husafiri ndani ya pakiti yake. Mawasiliano yakipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ombi na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde. Pakiti iliyotumwa upya hufika neno lilishapita.

Chukua pakiti tatu zenye namba 7, 4 na 9. Mtumaji anaongeza ya nne yenye jumla yake, 20. Ile ya 4 ikipotea, mpokeaji anatoa 7 na 9 kwenye 20 na kuipata, bila kumuuliza mtu. Zikipotea mbili, hesabu hiyo haina msaada. Na bahati mbaya pakiti hupenda kupotea kwa mfululizo, hivyo mtumaji huchanganya mpangilio ili hasara igawanyike kwenye mafungu mbalimbali. Mpokeaji naye hulazimika kusubiri kidogo zaidi.

Kwa kupakua faili kwenye njia fupi, kutuma upya bado ni bora: kinacholipiwa ni kilichopotea tu, na hakuna anayeumia faili ikichelewa kidogo.

Hatari kubwa ya ziada ni msongamano. Pakiti zikipotea kwa sababu njia imejaa, kuongeza nyingine ni kuzidi kuijaza. Dalili yake huonekana: ucheleweshaji hupanda kwanza, kisha upotevu hufuata. Hapo programu nzuri ya simu hupunguza ubora wa picha. Upotevu ukija huku ucheleweshaji umetulia, kama inavyotokea redio inapokuwa dhaifu, ndipo huongeza pakiti za ulinzi.