Habari au Hisia: Kitenzi cha Kihispania Kinapogeuka

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alimwandikia barua rafiki yake aliyeko Malabo, Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha ya serikali na ya shule. Rafiki huyo alikuwa amemweleza kwamba mama yake anaumwa. Kijana akataka kutoa pole, akaandika: *Siento que tu madre está enferma.* Maneno yote aliyapata sawasawa katika kamusi, lakini mwenzake alisoma jambo jingine: “Nahisi mama yako ni mgonjwa.” Akashangaa, maana habari ile ilitoka kwake mwenyewe. Kosa lilikuwa herufi moja tu. Ilipaswa kuwa *Siento que tu madre esté enferma*, yaani nasikitika kwamba mama yako ni mgonjwa.

Hiyo *esté* ni umbo ambalo vitabu vya Kihispania huliita *subjuntivo*. Kwetu ni dhamira tegemezi, na kila anayezungumza Kiswahili hulitumia tangu utotoni: aje, usome, tule. Tunaondoa kiambishi cha wakati, kisha irabu ya mwisho inageuka kuwa -e. Kihispania nacho hugeuza irabu, ila kwa kubadilishana: penye *a* huja *e*, penye *e* huja *a*. *Habla*, anazungumza, huwa *hable*. *Come*, anakula, huwa *coma*. Shina la kuanzia lichukue kwenye umbo la “mimi”, kwa sababu ndilo linalobeba mabadiliko: *vengo*, ninakuja, hutoa *venga*, *tengo*, nina, hutoa *tenga*. Vitenzi sita havifuati njia hiyo, navyo ni vya kukariri: *sea, esté, vaya, haya, sepa, dé*.

Kwenye kutaka, lugha hizi mbili zinakwenda pamoja kiasi cha kushangaza. Nataka kuja: *Quiero venir.* Nataka uje: *Quiero que vengas.* Mtendaji akiwa yule yule, zote mbili hutumia kitenzi-jina. Akibadilika, zote mbili hugeuza kitenzi cha pili. Hata kitenzi cha kusema hucheza mchezo ule ule. “Anasema anakuja” ni habari, nayo ni *Dice que viene*. “Anasema uje” ni agizo, nayo ni *Dice que vengas*. Mwanafunzi anayelijua hili hana haja ya kuanza somo kwa hofu. Kinachomponyoka hapa mara nyingi ni kiunganishi. Sisi hatusemi “nataka kwamba uje”, kwa hiyo anaandika *Quiero vengas*, na sentensi inavunjika. Hiyo *que* haiachwi.

Lakini Kiswahili kinakuongoza hatua chache tu, kisha kinakuacha njiani. Tazama kitenzi cha kutumaini. Tunafungua barua kwa “Natumaini hujambo”, na tunasema “Natumaini atakuja”, bila kugeuza chochote. Kihispania kinakiweka kitenzi *esperar* pamoja na kutaka: *Espero que estés bien. Espero que venga.* Anayetafsiri “atakuja” kwa wakati ujao huandika *Espero que vendrá*, na mara nyingi msikilizaji ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Huhitaji alama ya wakati ujao hapo. *Venga* inabeba leo na kesho, kama vile “aje” inavyobeba.

Shaka ni vivyo hivyo. Sisi husema “Naamini atakuja” na “Sidhani kama atakuja”, na kitenzi cha pili kinabaki kilivyo. Mhispania husema *Creo que vendrá*, lakini *No creo que venga*. Pia *Dudo que venga*, nina shaka kama atakuja. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba dhamira tegemezi hufuata jambo lisilo na hakika, na kanuni hiyo inawapoteza hapa hapa. Anayesema *creo* anaweza kuwa na hakika kidogo sana moyoni, kama sisi tunaposema “nadhani”. Hata hivyo kitenzi hakigeuki, kwa sababu msemaji ameamua kuliweka jambo mezani kama maoni yake. Akisema *no creo*, amekataa kuliweka. Kwa hiyo usijiulize jambo lina uhakika kiasi gani. Jiulize kama msemaji analitangaza.

Swali hilo ndilo linalofungua kundi la hisia, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kwetu. Nikimwambia mgeni “Nafurahi kwamba uko hapa”, yuko mbele yangu, ninamwona. Hakuna shaka wala ombi. Mbona basi ni *Me alegro de que estés aquí*? Kwa sababu simpi habari. Anajua yuko hapa, nami najua. Habari mpya ni furaha yangu, na kuwapo kwake ni chanzo tu cha hiyo furaha. Linganisha: *Sé que estás aquí*, najua uko hapa, hutangaza jambo lenyewe, hivyo kitenzi kimetulia. Vitenzi vya kuudhika, kushangaa na kusikitika hufuata njia ya *me alegro*: *Me molesta que llegue tarde*, inaniudhi kwamba anachelewa, ingawa anachelewa kweli na kila mtu anajua.

Sasa ile barua ya Malabo inaeleweka. *Sentir* ina maana mbili, kuhisi na kusikitika. Ukitangaza kile ulichokihisi, ni *está*. Ukilia na jambo lililokwisha kujulikana, ni *esté*. Msomaji hupima maana kwa irabu hiyo. Kitenzi cha kuogopa kinathibitisha jambo hili kwa upande wa pili. *Temo que no haya habitaciones* ni hofu halisi, naogopa vyumba visije vikawa vimeisha. Lakini mpokeaji wa hoteli anayekuambia kwa upole kwamba vyumba hakuna husema *Me temo que no hay habitaciones*. Haogopi kitu. Anakupa habari mbaya taratibu, na kwa kuwa ni habari, kitenzi kinarudi kwenye umbo la kutangaza.

Kuna mahali pamoja zaidi ambapo lugha yetu haina cha kutuazima. “Nataka uje” na “Nilitaka uje” kwetu humalizika kwa “uje” ile ile. Kihispania, kitenzi cha kwanza kikiwa cha zamani, huvuta cha pili nyuma: *Quería que vinieras.* Umbo hili hutokana na “wao” la wakati uliopita: *vinieron*, walikuja; ondoa *-ron*, weka *-ra*, upate *viniera*, na kwa “wewe” *vinieras*. Na kama hisia ni ya sasa lakini jambo limekwisha kutendeka, tumia *haya* na rafiki zake: *Me alegro de que hayas venido*, nafurahi umekuja.

Yule kijana nilikaa naye tukaiandika upya barua yake ya pili, sentensi kwa sentensi, kila mara nikimwuliza: hapa unampa habari, au unamwambia unavyojisikia? Alitaka kusema kwamba anatumaini mama anaendelea vizuri, kwamba anajua hospitali iko mbali, kwamba hadhani kama yeye ataweza kusafiri mwezi huu, na kwamba anataka rafiki yake amwandikie. Sentensi ya hospitali alisita nayo kwa muda mrefu, maana ilimhuzunisha. Mwishowe akaiacha bila kuigeuza:

*Espero que tu madre esté mejor. Sé que el hospital está lejos. No creo que pueda viajar este mes. Quiero que me escribas.*