Kabla Hujaangalia Ziada, Soma Maelezo Namba 9

Ndugu Mjumbe,

Kabrasha la kikao cha Ijumaa nadhani umeshalipata. Wajumbe wengi hufungua ukurasa wa mapato na matumizi, wakaona ziada ya shilingi milioni 45, wakaridhika. Wewe anzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu. Nayo ni sehemu ya hesabu zilizokaguliwa, sawa na mizania.

Kwenye mizania, mikopo kwa wanachama ni milioni 940, na pembeni kuna namba 9. Ifuate. Huko utakuta wanachama wanadaiwa milioni 1,000, tukapunguza milioni 60 tunazodhani hazitarudi. Hilo ndilo tengo la mikopo chechefu. Milioni 60 hizo hazina risiti wala stakabadhi ya benki. Ni makadirio yetu sisi watendaji, na mkaguzi ameyapima tu kama yana mashiko.

Sasa shuka kwenye jedwali la umri wa madeni. Chini ya IFRS 9, kiwango cha uhasibu kilichoanza kutumika 2018, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa umeshindikana, isipokuwa tuwe na ushahidi wa kueleza vinginevyo. Mwaka jana mikopo ya namna hiyo ilikuwa milioni 50, na tengo lilikuwa milioni 50. Mwaka huu imefika 110, tengo ni 60. Deni bovu limeongezeka kwa milioni 60, sisi tukaongeza tengo kwa milioni 10 tu. Tungeendelea kutenga shilingi kwa shilingi, ingebidi tutoe milioni 50 zaidi, na ile ziada ya 45 ingegeuka hasara ya milioni 5. Gawio lingetoka wapi?

Sababu imeandikwa kwenye maelezo namba 3, kwa aya moja isiyovutia: safari hii tumehesabu thamani ya nyumba na viwanja vilivyowekwa dhamana. Kiwango kinaruhusu, na mimi naitetea hesabu hiyo. Ila dhamana hulipa deni siku inapouzwa, na kuuza nyumba ya mwanachama huchukua muda, pengine kwa kupitia mahakamani. Kwa hiyo niulize kikaoni: uthamini ulifanywa lini, hati ziko mikononi mwetu, na dhamana tulizouza mwaka huu zilileta kiasi gani zikilinganishwa na uthamini wake? Uliza pia mikopo mingapi imepangiwa upya marejesho, maana mkopo wa namna hiyo unaweza kuonekana mzima kwenye jedwali ilhali mkopaji amekwama palepale.

Maelezo ya mali na samani yapitie haraka tu. Namba 17, mikopo ya wajumbe wa bodi, isome kwa utulivu. Wako haumo, kwa kuwa mwaka wa hesabu ulifungwa kabla hujachaguliwa. Mwakani utakuwemo.

Meneja wa Fedha