Karata bila meza

Basi lilipoanza kukata kona za Kitonga, mfalme wa kopa aliteleza kutoka kwenye begi tulilolifanya meza, akaingia chini ya kiti cha mbele, na hadi tunashuka Mbeya hatukumwona tena. Mpwa wangu alitaka tuendelee na karata 51. Nilikataa, lakini njia nzima iliyobaki nilikuwa nawaza: michezo yote tunayoijua, kuanzia arubastini hadi lasti kadi, ilitungwa na watu waliokaa wakitazamana, katikati yao pana mkeka au meza. Kwenye basi hakuna katikati. Mmekaa ubavu kwa ubavu, mbele yenu kuna mgongo wa kiti cha mtu mwingine, na kila tuta linaruka na kila kitu ambacho hakijashikwa.

Safari ya kurudi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Tulinunua karata mpya, tukakubaliana kutunga mchezo wetu kwa sharti moja: hakuna karata itakayolala mahali pa wazi. Kila karata iwe mkononi, mfukoni, au imekaliwa.

Sharti hilo peke yake lilifuta mambo mengi. Rundo la kuokotea katikati halipo. Karata saba mkononi pia hazifai, kwa sababu ukizitandaza jirani anazisoma zote bila hata kugeuza shingo. Tulijaribu tano, mpwa akalalamika, "Mjomba, unanichungulia." Na kweli nilikuwa nachungulia; ukikaa pembeni ya mtu huwezi kuacha. Tatu ndizo zinazofichika kwenye kiganja. Basi kila mtu akashika tatu, akiba yake akaikalia chini ya paja la kushoto, na alizoshinda akaziweka mfuko wa shati. Anayeanza anaonesha karata moja, mwenzake anajibu kwa moja. Kubwa inakula ndogo, na aliyeliwa anamkabidhi mwenzake karata mkono kwa mkono. Kisha kila mmoja anavuta nyingine kutoka kwenye akiba.

Tatizo lililofuata lilikuwa mgao. Ukichanga na kugawa nusu kwa nusu, mmoja anaweza kuangukiwa na ree tatu na wafalme wote, na mchezo ukawa umekwisha kabla ya kuanza. Dawa tuliipata pale tulipogawa kwa rangi. Mmoja alichukua nyekundu zote, yaani kopa na uru, na mwingine nyeusi zote, shupaza na pau. Kila mmoja akawa na karata 26 zinazofanana kabisa na za mwenzake: mbili mbili za kila daraja, kutoka mbili hadi ree. Bahati imebaki kwenye mpangilio tu, kwa kuwa kila mmoja anazichanga za kwake. Faida nyingine hatukuitarajia. Karata ikianguka inajulikana ni ya nani, na jua likizama haijalishi kama unashindwa kutofautisha shupaza na pau, kwa sababu maua hayana kazi kwenye mchezo huu.

Hapo tukadhani tumemaliza. Tukacheza mara tatu, na mara zote tatu mmoja alimfagia mwenzake, mara moja kwa jozi 20 kwa 6. Anayefungwa alishajua nusu ya njia kwamba amefungwa, akawa anatupa karata ili mradi tu. Hiyo ndiyo dalili ya sheria mbovu, kuliko hata ugomvi: mtu anaacha kufikiri kabla mchezo haujaisha. Tulipotafuta chanzo, tukakuta kipo kwenye sheria tuliyoiweka bila kuifikiria, kwamba aliyeliwa ndiye anaanza tena. Kwenye mchezo huu anayejibu ndiye mwenye neema, maana ameshaona karata ya mwenzake: akiweza anaila kwa inayoizidi kidogo tu, asipoweza anatupa takataka. Kwa hiyo aliyekula alikuwa anazawadiwa tena. Tukageuza, aliyekula ndiye aanze, na matokeo yakasogeleana mara moja.

Tukaongeza mambo mawili madogo. Karata zikilingana, jozi ni ya aliyeanza, ili naye apate chochote. Na mbili, karata dhaifu kuliko zote, inamla ree. Bila hiyo, ree ilikuwa inatupwa kwa kiburi tu. Sasa anayeianzisha anahesabu kwanza: mbili za mwenzangu zote mbili zimeshapita?

Raundi 26 kwa mwendo wetu zilichukua kama dakika saba. Basi likisimama watu wachimbe dawa, unatia karata zako tatu mfukoni na kushuka. Ukirudi mchezo upo vilevile.

Sheria ya mwisho ilikuja karibu na Mikumi. Akiba inapokwisha, kila mtu amebaki na karata tatu, na hapo zinafunuliwa zote. Mshindi ni wa kwanza kufikisha jozi 14. Zikiwa 13 kwa 13, anashinda aliyekula jozi ya mwisho kabisa. Sikutegemea karata sita zilizo wazi zingeumiza kichwa kiasi kile. Mpwa alikuwa na jozi 12, mimi 11. Yeye alibaki na ree, kumi na nne. Mimi ghulamu, tano na mbili. Alikuwa ndiye wa kuanza, akaharakisha kutoa ree. Nikamla kwa mbili. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, na zamu ya kuanza ikawa yangu.

Mkono ulinituma nitoe ghulamu, kwa kuwa hana cha kumzidi. Ningeshindwa. Angenitupia nne, halafu tano yangu ingeliwa na kumi, tukawa 13 kwa 13 na jozi ya mwisho ni yake. Nilianza na tano. Akiila kwa kumi, anabaki na nne mbele ya ghulamu, na jozi ya mwisho inakuwa yangu. Akinitupia nne, ghulamu inaisubiri kumi, nami nafika 14. Alizitazama karata zake mbili tangu tuta moja hadi la tatu, akacheka, akanikabidhi zote. Baadaye ndipo tulipogundua kosa lake: angeanza na nne, nisingekuwa na pa kutokea.

Abiria wa kiti cha ng'ambo, aliyekuwa akifuatilia tangu Iringa, akaomba kuingia. Watatu tukagawana maua matatu, karata 13 kila mmoja, pau tukaziweka kando. Raundi ya nne tukakwama. Nilianza na ree, mpwa akatoa mbili, mgeni akatoa tisa. Mbili inaila ree, tisa inaila mbili, ree inaila tisa. Nani kashinda? Kila mmoja alikuwa na hoja, na kwa wawili swali hilo haliwezi kuzuka kabisa. Tuliamua kwamba ree na mbili zikikutana, mbili inabeba zote, hata mezani kukiwa na mfalme. Mgeni akauliza meza gani.

Ilibidi pia mgeni ahame siti, kwa sababu kondakta alichoka kukatiza kati ya mikono yetu.