Wafuasi Wengi, Mikeka Michache

Idadi ya wafuasi inayoonekana juu ya ukurasa wa Instagram ni limbikizo la miaka, kwa kuwa huwahesabu pamoja aliyefuata jana na aliyefuata zamani akaacha kabisa kufungua akaunti yake. Idadi hiyo hununulika pia: Desemba 2014, Instagram ilipofuta akaunti bandia, kurasa za baadhi ya watu mashuhuri zilipungukiwa na mamilioni ya wafuasi ambao kamwe wasingenunua kitu.

Kwa muuzaji wa mikeka ya ukindu aliyeko Ikwiriri, mapato ya chapisho moja hupatikana kwa kuzidisha mambo manne: waliofikiwa, yaani akaunti zilizoliona chapisho hilo, sehemu ya hao waliouliza, sehemu ya waliouliza ambao walilipa, na bei. Wafuasi hawamo katika hesabu hiyo, isipokuwa kwa kadiri wanavyoongeza waliofikiwa.

Tuchukulie mfano wa kubuni wa kurasa mbili zinazouza mkeka kwa shilingi 40,000. Ukurasa wa kwanza una wafuasi 20,000 waliovutwa na zawadi za vocha. Chapisho lake linawafikia watu 1,000, wanauliza 10, wananunua 2, na mapato ni shilingi 80,000. Wa pili una wafuasi 1,500 tu, lakini unaonesha kwa karibu jinsi ukili unavyoshonwa, ukitaja vipimo, bei na nauli ya kusafirisha mzigo kwa basi hadi Dar es Salaam. Unawafikia watu 900, wanauliza 36, wananunua 9, na mapato yanafika shilingi 360,000.

Laiki haimgharimu mtu chochote, ndiyo maana haitabiri mengi. Anayehifadhi picha, au anayemtumia shangazi yake anayeandaa harusi, yuko karibu zaidi na kununua, na anayeuliza kama mkeka wa futi sita upo yuko karibu kuliko wote. Maoni yahitaji tahadhari, kwani muuzaji anayeficha bei hupata maoni mengi ya “bei gani?” ambayo ni dalili ya taarifa iliyokosekana, wala si ya hamu ya kununua.

Ili kujua chapisho lipi limeleta wateja, kila chapisho lipewe neno lake, na wiki yake iwe na kiungo chake cha WhatsApp katika maelezo ya ukurasa, ambacho mteja akikigusa hukuta ujumbe umeshaandikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=MKEKA-A
```

Katika daftari huandikwa neno hilo, aliyeuliza, na kama alilipa. Wiki moja haitoshi, hasa ikiangukia msimu wa harusi, kwa sababu wateja wawili wa bahati hubadili hesabu nzima. Miezi mitatu huonesha mwelekeo. Muuzaji mwenye daftari hilo ana kipimo cha mauzo ambacho idadi ya wafuasi haiwezi kumpa.