Je, wajua kinasa sauti kimoja kinaweza kurekodi tukio moja mara mbili kwa wakati uleule?

Msimu wa jando wa Wakurya, ambao mara nyingi huwa Desemba, vijana waliotoka kutahiriwa husindikizwa nyumbani na umati unaoimba na kupuliza filimbi. Ukisimama na kinasa sauti kando ya barabara ya Manchira, wilayani Serengeti, unausikia msafara kwa mbali kabla haujakufikia, na hapo ndipo tatizo huanzia.

Tuseme mwenye filimbi yuko mita 32 kutoka kwako, na umeweka kiwango ili mlio wake ufike desibeli -20. Kila umbali unapopungua nusu, sauti inayotoka sehemu moja mahali pa wazi hupanda kama desibeli 6. Akiwa mita 16 utasoma -14, mita 8 ni -8, mita 4 ni -2. Akikupita kwa mita 2, mlio unataka kufika +4, na rekodi ya dijitali mwisho wake ni 0. Kilichozidi hukatwa na sauti inapasuka. Ukishusha kiwango mapema, nyimbo za mbali zinafifia. Ukishusha msafara ukiwa mbele yako, umeshachelewa.

Dawa yake ni nakala ya akiba. Kinasa sauti cha Zoom H6, kilichotoka mwaka 2013, huandika faili ya pili ya maikrofoni zake za kushoto na kulia, desibeli 12 chini ya ile kuu, na jina lake huishia na `_BU`. Filimbi iliyotaka +4 humo inatua kwenye -8, ikiwa nzima. Lazima uiwashe mwenyewe kwenye menyu, na urekodi kwa WAV. Kadi nayo hujaa mara mbili upesi: kwa biti 24 na 48 kHz, saa moja ya stereo ni takriban GB 1, na akiba inaongeza nyingine.

Nyumbani, pandisha akiba desibeli 12, lakini kwanza ishushe pamoja na faili kuu kiasi cha kutosha ili kilele kisipite 0. Kisha badilisha zile sekunde zilizopasuka tu, ukiunganisha pale watu wanapovuta pumzi. Mimi sipendi kutumia akiba kwa rekodi nzima, kwa sababu ukiipandisha, mvumo wa kifaa chenyewe nao hupanda, na kwenye nyimbo za mbali utausikia.

Vuta picha ya wimbi kwa karibu. Vilele bapa kwenye 0 katika faili kuu, na vya duara kwenye akiba, ni dalili kwamba umeokoka. Lakini vilele vya akiba vikiwa bapa wakati viko chini ya 0, ujue sauti ilipasukia kwenye maikrofoni au kikuza sauti, kabla haijawa namba. Hapo akiba imenakili uharibifu uleule kwa sauti ndogo. Kinga ya hilo ni kurudi nyuma hatua chache kutoka barabarani: ukitoka mita 2 hadi 4, umepunguza desibeli 6 kabla sauti haijaingia kwenye kifaa.