Kukuza Picha: Ukali wa Kingo na Gharama Yake

Mteja anafika studio na picha ya marehemu baba yake aliyotumiwa kwa WhatsApp. Ina pikseli 600 kwa 750, naye anataka ichapwe inchi 8 kwa 10 ili iwekwe kwenye fremu. Kwa kawaida picha ya kutazamwa kwa karibu huchapwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, kwa hiyo zinahitajika 2400 kwa 3000. Pale palipokuwa na pikseli moja sasa zinatakiwa 16, na nyingi kati ya hizo hakuna kamera iliyozipiga. Programu itazikisia.

Hapo ndipo menyu inapomtaka fundi achague: Bilinear, Bicubic au Lanczos. Zote tatu hukisia kwa kuangalia pikseli jirani na kutafuta wastani, ambamo jirani wa karibu huhesabiwa zaidi kuliko wa mbali. Zinachotofautiana ni idadi ya majirani na uzito anaopewa kila mmoja. Bilinear hutazama majirani 4, Bicubic 16, na Lanczos ya kawaida 36.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba Bicubic na Lanczos huwapa baadhi ya majirani wa mbali uzito hasi. Thamani zao hazijumlishwi, hutolewa. Tuchukue mstari mmoja wa pikseli pale koti jeusi linapokutana na kola nyeupe. Katika kipimo cha 0 kwa nyeusi kabisa hadi 255 kwa nyeupe kabisa, mstari wetu unasomeka hivi:

```
50  50  50  200  200  200
```

Sasa tunataka pikseli mpya katikati ya zile 50 mbili za mwisho, upande wa koti. Bilinear inaona 50 na 50, inajibu 50. Bicubic ya aina ya Catmull-Rom inaifikia pia ile 200 ya kwanza, lakini kwa uzito hasi wa moja ya kumi na sita, hivyo jibu linashuka hadi 41. Lanczos inaipa uzito hasi mkubwa zaidi na kutoa 33. Upande wa kola mambo yanageuka: Bilinear inabaki 200, Bicubic inapanda hadi 209 na Lanczos 217.

Kwa hiyo koti limekuwa jeusi zaidi na kola nyeupe zaidi, pale pale zinapopakana. Macho husoma tofauti hiyo kama ukali, na ndiyo maana picha ya Bilinear huonekana laini kana kwamba ina ukungu, huku ya Lanczos ikionekana kali. Lakini ukali huo una gharama. Ule weusi wa 33 haukuwamo kwenye picha, na ukizidi huonekana kama utepe mwembamba unaofuata ukingo. Lanczos huongeza na wimbi la pili: hatua moja nyuma zaidi ndani ya koti, 50 inapanda na kuwa 54. Mahali pa kuvitafuta vivuli hivi ni paa lililo mbele ya anga, maandishi ya bango, au waya wa umeme.

Picha ya mteja wetu ina tatizo jingine. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana mipaka ya vipande hivyo hujitokeza. Ikikuzwa mara nne, kila kipande kinakuwa 32 kwa 32. Lanczos haijui kutofautisha ukingo wa kola na mpaka wa kipande; inavinoa vyote, na shavu la mzee linajaa miraba.

Kwa picha kama hiyo ningechagua Bicubic, na ikiwa miraba imekithiri, Bilinear. Lanczos ningeiweka kwa picha safi iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, yenye nyuzi za kitambaa, majani au nywele. Mwenye ImageMagick anaweza kujaribu zote tatu, na humo Bilinear huitwa Triangle:

```
magick baba.jpg -filter Triangle -resize 400% a.png
magick baba.jpg -filter Catrom -resize 400% b.png
magick baba.jpg -filter Lanczos -resize 400% c.png
```

Zifungue kwa asilimia 100, uangalie kwanza kola, kisha shavu. Kola itakuonyesha vivuli, shavu litakuonyesha miraba.

Hata hivyo, hakuna hata moja inayoweza kurudisha kope ambazo hazikuwamo katika zile pikseli 600 kwa 750. Kabla ya kukuza chochote, muulize mteja nani aliipiga picha hiyo, na amwombe aitume upya kama dokumenti, kwa sababu kwa njia hiyo WhatsApp haiibani. Faili halisi ikipatikana, huenda kusiwe na haja ya kukuza kabisa.