Usiku wa Februari 28 ndani ya saa ya mkono

Saa ya mkono yenye kidirisha cha tarehe, ile ya kawaida inayouzwa kila mahali, inajua jambo moja tu kuhusu kalenda: kwamba mwezi una siku 31. Ndani yake mna gurudumu la meno 31, na kila usiku wa manane gurudumu hilo husukumwa jino moja. Mwezi ukiwa na siku 30, saa haina habari. Asubuhi ya Mei mosi itaonyesha 31, na mwenyewe ndiye atakayeisogeza. Kazi hiyo humfika mara tano kwa mwaka, mwisho wa Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba.

Mafundi saa wamehangaika na kasoro hii kwa zaidi ya karne mbili na nusu, na wamepata majibu mawili. La kwanza ni kalenda ya kudumu, inayojua urefu wa kila mwezi na pia inajua mwaka mrefu unaangukia lini. Thomas Mudge, fundi wa London, aliitia katika saa ya mfukoni mnamo 1762 hivi. Ilichukua hadi 1925 kwa Patek Philippe ya Jeneva kuifikisha kwenye saa ya mkono, tena kwa kutumia mtambo ambao kiwanda kilikuwa nao tangu 1898, uliokusudiwa saa ndogo ya kike. Jibu la pili lilichelewa sana. Ni kalenda ya mwaka, iliyotolewa na kiwanda hicho hicho mwaka 1996 katika saa yenye namba 5035. Hiyo hutofautisha miezi ya siku 30 na ya siku 31, lakini Februari huishinda. Ndiyo maana mwenye saa hiyo ana miadi moja nayo kila mwaka: Machi mosi.

Zote mbili ni saa za majira. Hazina betri wala kompyuta, bali kamani iliyokazwa, magurudumu na wenzo. Swali linalostahili kuulizwa ni jinsi chuma kinavyoweza kujua kwamba Februari ya 2026 ina siku 28 na ya 2028 ina siku 29.

Siri ya kalenda ya kudumu ya mtindo wa zamani imo katika gurudumu moja linalokamilisha mzunguko kwa miaka minne. Ukingo wake umegawanywa sehemu 48, moja kwa kila mwezi. Mwezi wa siku 31 hauna pengo, ukingo umeachwa juu. Mwezi wa siku 30 una pengo la kina kifupi. Februari tatu za siku 28 zina mapengo yenye kina kirefu kuliko yote, na ile moja ya mwaka mrefu ina pengo lililopungua kina kidogo tu. Juu ya ukingo huo hupita ncha ya wenzo mrefu, ikipima kina kama baharia anavyopima maji kwa upondo. Ncha ikizama sana, wenzo huenda mbali zaidi, na usiku wa mwisho wa mwezi huweza kushika meno mengi kwa mpigo mmoja.

Basi usiku wa kuamkia Machi mosi ya mwaka wa kawaida, gurudumu la tarehe husukumwa meno manne: 29, 30, 31, kisha 1. Mwaka mrefu husukumwa meno matatu. Mwisho wa Aprili ni mawili. Usiku mwingine wowote ni jino moja. Tofauti ya Februari ya siku 28 na ya siku 29 ni tofauti ya kina cha pengo, kitu chembamba mno ambacho fundi hukichonga na kukipima kwa kioo cha kukuzia. Katika kazi zote za mikono zinazohusu saa, hii ndiyo inayostahili heshima kuliko nyingi, kwa sababu matunda yake huonekana mara moja tu katika miaka minne.

Kalenda ya mwaka imejengwa kwa urahisi zaidi. Hailazimiki kukumbuka miaka minne, kwa hiyo gurudumu lake la miezi huzunguka mara moja kwa mwaka na linatambua aina mbili tu za miezi. Katika saa nyingi za namna hii Februari imewekwa kundi la siku 30. Katika chache imeachwa pamoja na miezi ya siku 31.

Tuchukue mfano wa 2026. Februari 28 ni Jumamosi. Jumapili asubuhi, ambayo ni Machi mosi, kalenda ya mwaka itaonyesha Jumapili, 29 Februari. Siku ya wiki ni sahihi, tarehe na mwezi si sahihi. Ubavuni mwa kasha la saa nyingi mna vitufe vidogo vilivyozama, kila kimoja na kazi yake: cha tarehe, cha siku, cha mwezi, na pengine cha mwezi wa angani. Mwenye saa hubonyeza kitufe cha tarehe mara mbili. Mbonyezo wa kwanza unaleta 30, wa pili unaleta 1. Kisha huangalia jina la mwezi. Likiwa limegeuka kuwa Machi, kazi imekwisha. Likibaki Februari, kitufe cha mwezi hubonyezwa mara moja. Siku ya wiki haiguswi. Saa inayoihesabu Februari kuwa na siku 31 itahitaji mibonyezo mitatu badala ya miwili.

Mwaka 2028 mambo ni mepesi kidogo. Februari 29 ni Jumanne, na Jumatano ya Machi mosi saa itaonyesha 30. Mbonyezo mmoja unatosha.

Aliyesahau asiwe na hofu. Tuseme amekumbuka Machi 5, 2026. Saa yake ilisoma 29 Machi mosi, 30 Machi pili, ikaingia 1 Machi tatu, na leo inaonyesha 3. Iko nyuma siku mbili zile zile, wala deni halijaongezeka. Mibonyezo miwili inamaliza, na mwezi wenyewe umeshageuka.

Hatari iko kwenye muda wa kubonyeza. Mtambo wa tarehe hauamki ghafla saa sita usiku. Huanza kusogea taratibu saa kadhaa kabla, meno yakikutana na wenzo ukijikaza, na huachia saa kadhaa baadaye. Anayebonyeza kitufe wakati huo anayalazimisha meno yaliyokwisha kushikana, na kinachovunjika ni kijino au springi nyembamba ambayo kuipata ni gharama. Kanuni ya jumla ni kutogusa vitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, na saa nyingine zina muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo kijitabu cha kiwanda ndicho cha kufuatwa.

Hapa pana jambo linalowaponza wengi. Kinachohesabika ni saa inayoonyeshwa na mishale, si saa iliyopo nje. Saa iliyosimama mishale ikiwa karibu na usiku wa manane iko katika hatari hata kama mwenyewe ameishika mchana kweupe. Tena uso wa saa hautofautishi mchana na usiku. Njia ya kujua ni kuzungusha mishale mbele polepole hadi tarehe iruke: hapo ndipo saa sita usiku ilipo. Kisha mishale huendelezwa hadi mshale mfupi upite tarakimu 6, yaani saa kumi na mbili na ushei asubuhi, na hapo vitufe viko salama. Asiyefanya hivyo huishia na saa inayogeuza tarehe saa sita mchana, dalili wazi kwamba mishale imekosewa kwa saa kumi na mbili.

Kitufe hubonyezwa kwa kijiti kilichokuja na saa, si kwa sindano wala ncha ya kalamu, zinazoteleza na kukwaruza kasha. Kibonyezwe hadi mwisho na kuachiwa kabisa. Tarehe iliyosimama katikati ya namba mbili, au kitufe kilichozama na kisirudi, ni ishara ya kuacha mara moja na kwenda kwa fundi.

Mwenye kalenda ya kudumu hana miadi ya Machi mosi, ila tu iwapo saa yake imepangwa vibaya. Na Machi mosi ndiyo siku ya kugundua. Saa hizo huwa na alama ndogo ya mzunguko wa miaka minne, inayoonyesha 1, 2, 3 na mwaka mrefu. Kwa kuwa 2024 ulikuwa mrefu, 2026 alama iwe kwenye 2. Kama iko kwenye mwaka mrefu, saa itaonyesha Februari 29 siku ambayo watu wote wako Machi. Kurekebisha tarehe peke yake kunaficha ugonjwa. Katika saa za vitufe, dawa ni kuusogeza mwezi mara 24, yaani miaka miwili, hadi alama ifike kwenye 2.

Si saa zote zina vitufe. Mwaka 1985 IWC ya Schaffhausen ilitoa Da Vinci, na Kurt Klaus, aliyeibuni, aliiunganisha kalenda nzima na kifundo cha kutilia ufunguo. Kukizungusha husogeza tarehe, siku, mwezi na mwaka kwa pamoja. Tuseme imesimama Jumatano ya Februari 25, 2026 na mwenyewe anaichukua Jumanne ya Machi 3. Anaisogeza siku sita: 26, 27, 28, kisha yenyewe inaruka hadi 1, 2 na 3. Kila kitu kinakubaliana. Tatizo ni kwamba hairudi nyuma. Aliyepitiliza siku moja huisimamisha saa na kusubiri kesho. Aliyepitiliza miaka, ataipeleka kiwandani. Ludwig Oechslin aliondoa kero hiyo mwaka 1996 kwa saa ya Ulysse Nardin inayokwenda mbele na nyuma.

Liko jambo moja ambalo karibu kalenda zote za kudumu hazilijui. Kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1582 chini ya Papa Gregori wa 13, miaka ya mwisho wa karne si mirefu isipokuwa igawanyike kwa 400. Mwaka 2000 ulipita salama. Mwaka 2100 hautakuwa na Februari 29, lakini gurudumu la sehemu 48 litadai upo. Jumatatu ya Machi mosi, 2100, saa hizi zitahitaji kurekebishwa kwa mkono, na zile za mtindo wa Da Vinci zitahitaji fundi. Kwa hiyo anayemiliki saa ya namna hii aweke kijitabu na kijiti chake ndani ya sanduku lake la asili, maana atakayevihitaji siku hiyo hatakuwa yeye.